Barua ya kazi ya mhandisi au msanifu majengo: usajili na miradi ndani ya kurasa mbili

Mpwa wangu alinifikia Malindi siku ya Jumamosi, ametoka Lamu na basi la asubuhi, begi moja na karatasi kumi na mbili zilizobanwa pini. Baada ya shikamoo na marahaba, alinipa karatasi zile. Ilikuwa barua ya kuomba kazi ya mhandisi msaidizi wa kaunti. Kurasa tatu zilikuwa barua yenyewe, tisa zilikuwa orodha ya miradi. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya anwani, ulisomeka "Eng." halafu jina lake.

Nikamuuliza, "Eng. lini?"

"Mjomba, si kila mtu huandika hivyo?"

Huandika, ndiyo. Na wengi wao huondolewa hapo hapo. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kuchuja maombi, watu watatu, mafungu ya bahasha mezani na siku mbili za kuyamaliza. Katika mchujo wa kwanza hakuna anayesoma barua yote. Macho hutafuta vitu viwili: umesajiliwa kama nani, na umefanya nini kwa mikono yako. Usipoviona ndani ya dakika moja, bahasha inakwenda upande wa pili. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa vitu hivyo viwili, na nitatumia barua ya mpwa wangu kuvionyesha, maana tuliitengeneza pamoja mpaka adhuhuri.

Jambo dogo kabla sijaanza: tangazo likiwa kwa Kiingereza, barua iandike kwa Kiingereza. Hapa naiandika kwa Kiswahili ili muundo wake uonekane.

Kwanza, soma tangazo ukiwa na kalamu

Matangazo ya kazi hizi yana maneno yanayofanana lakini si mamoja. Likisema mwombaji awe "amesajiliwa kama mhandisi mhitimu", hilo ni daraja moja. Likisema "mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa", hilo ni jingine. Likisema "anayestahili kusajiliwa", hapo hata asiye na namba bado ana nafasi, ila lazima aeleze amefika wapi. Piga mstari chini ya neno lenyewe, kisha piga mstari wa pili chini ya idadi ya miaka na uangalie miaka hiyo inahesabiwa kuanzia wapi: tangu shahada, au tangu usajili. Watu wengi hukosa hapo.

Tangazo la mpwa wangu lilitaka mhandisi mhitimu aliyesajiliwa, mwenye miaka mitatu ya kazi baada ya usajili. Yeye alikuwa amejumlisha miezi ya miradi yake minne: 11, 9, 10 na 14. Akapata 44, akaandika kwa furaha "zaidi ya miaka mitatu na nusu".

Tukachukua kalenda. Mradi wa kwanza ulianza Februari 2021 ukaisha Desemba mwaka huo. Wa pili ulianza Machi 2022 ukaisha Novemba. Wa tatu ulianza Septemba 2022, kabla ya wa pili kuisha, ukaenda mpaka Juni 2023. Wa nne ni ajira aliyokuwa nayo wakati huo, tangu Januari 2024, nasi tulikuwa tumefika mwisho wa Februari 2025. Miezi mitatu, Septemba mpaka Novemba 2022, ilikuwa imehesabiwa mara mbili. Mtu mmoja hawezi kuishi mwezi mmoja mara mbili hata akiwa na saiti mbili. Ikabaki 41. Halafu usajili wake ni wa mwanzo wa Juni 2021, kwa hiyo miezi minne ya mwanzo ya mradi wa kwanza haiingii kwenye hesabu ya tangazo. Ikabaki 37. Tangazo linataka 36. Amepita, lakini kwa mwezi mmoja tu, na kama kamati ingegundua zile 44 ingekuwa na haki ya kutomwamini kwa mengine yote.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi pembeni kabla hujaandika neno lolote. Miezi ya mafunzo ya viwandani ukiwa mwanafunzi usiitie. Ikiwa kuna pengo, kama alivyokuwa nalo yeye kati ya Julai na Desemba 2023, liache lionekane, ukiulizwa utajibu. Pengo lisilofichwa halina shida. Tarehe zilizovutwa kulifunika ndizo huharibu.

Pili, andika usajili kama ulivyo kwenye cheti

Nchini Kenya wahandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Ukimaliza shahada inayotambuliwa na bodi, unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Baadaye, ukishafanya kazi chini ya usimamizi, ukawa mwanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya na ukapita tathmini ya bodi, unasajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Juu yake yuko mhandisi mshauri. Yule mtaalamu ndiye mwenye "Eng." mbele ya jina. Mhitimu hana. Kujiita usichosajiliwa ni kosa la kisheria, si utovu wa adabu tu, na daftari la bodi liko wazi mtandaoni. Mtu wa kamati anaweza kulifungua kwenye simu huku bahasha yako iko mkononi mwake.

Mwenye diploma au shahada ya teknolojia asijilazimishe huku. Ana bodi yake, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya wanateknolojia na mafundi sanifu wa uhandisi. Namba ya bodi hiyo ina heshima yake, na kuna nafasi zinazoitaka yenyewe.

Kwa wasanifu majengo, njia ni nyingine. Bodi yao ni BORAQS, Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya Sura ya 525 ya Sheria za Kenya. Ukiwa na shahada yako bado hujawa msanifu majengo mbele ya sheria hiyo. Unafanya kazi chini ya aliyesajiliwa, unafanya mitihani ya bodi, ndipo unasajiliwa. Mpaka hapo andika "mhitimu wa usanifu majengo", na kama umekwisha kufanya sehemu ya mitihani, taja ni sehemu ipi na mwaka gani. Uanachama wa chama cha wasanifu, AAK, ni kitu kizuri kukitaja, lakini haukai mahali pa namba ya bodi. Nimeona barua za watu waliotaja uanachama wakanyamaza kuhusu usajili, wakidhani msomaji hatatofautisha. Hutofautisha.

Mstari wa usajili una vitu vinne: daraja, bodi, namba, na tarehe au mwaka. Kwa anayetakiwa kuwa na leseni ya kila mwaka, kama mhandisi mtaalamu, ongeza leseni ya mwaka huu. Usajili na leseni si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa miaka kumi na leseni yake ya mwaka huu hana, na kwa kazi ya kutia sahihi michoro huyo hafai mpaka ailipie.

Mpwa wangu alikuwa amepeleka maombi ya kupanda daraja kuwa mtaalamu. Katika rasimu aliandika "usajili wangu wa kitaalamu unakamilishwa". Neno "unakamilishwa" linasikika kama limebaki kupigwa muhuri tu. Tuliandika hivi badala yake:

*Mhandisi Mhitimu, Bodi ya Wahandisi ya Kenya, namba ……, Juni 2021. Nimewasilisha maombi ya usajili wa Mhandisi Mtaalamu Novemba 2024. Bado sijafanyiwa tathmini.*

Alisita kwenye yale maneno ya mwisho. "Mjomba, si ninajishusha?" Nikamwambia kamati ikisoma "bado sijafanyiwa tathmini" itajua mambo mawili: kwamba yuko njiani, na kwamba hasemi uongo.

Majina, jambo la watu wa pwani hasa

Hili silioni kwenye miongozo ya watu wa bara, na kwetu ndilo linalokwamisha. Kitambulisho kinasema Fatma, cheti cha shule kinasema Fatuma. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha chuo kina mawili na herufi. Mohamed mmoja ana Muhammad kwenye shahada. Aliyesajiliwa na bodi alitumia majina ya cheti cha chuo, na sasa anaomba kazi kwa majina ya kitambulisho. Anayechuja hajui kwamba ni mtu mmoja. Akitafuta jina kwenye daftari la bodi halioni, anaandika pembeni "hakuthibitishwa".

Weka vyeti vyote mezani kwa mstari mmoja: kitambulisho, cheti cha shule, shahada, cheti cha bodi. Soma jina herufi kwa herufi. Zikitofautiana, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo uandikiwe hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni yako, na uambatanishe nakala. Kwenye barua tumia jina la kitambulisho, na kwenye mstari wa usajili ongeza maneno machache: "nimesajiliwa kwa jina la …". Kwa mpwa wangu tofauti ilikuwa herufi moja tu, ile *u*. Herufi hiyo ilimpeleka mjini Jumatatu.

Tatu, chagua miradi mitatu, si yote

Kurasa tisa za miradi zilikuwa na kila kitu: ukuta wa uzio, choo cha soko, kupima shamba la jirani. Haidhuru, kazi ni kazi, lakini msomaji anatafuta inayofanana na kazi anayotaka kukupa. Kaunti hutaka mtu wa barabara za mitaa, maji, na majengo ya shule na zahanati. Kwa hiyo tulichagua mmoja wa kila aina: shule, tangi la maji, barabara ya kabro.

Kila mradi ukae kwenye mistari mitatu au minne, na ujibu maswali haya bila kuyataja: ni nini na kiko wapi, kina ukubwa gani, thamani yake ni kiasi gani na lini, na wewe ulifanya nini. La mwisho ndilo zito. Rasimu yake ilisema, "Nilijenga shule Lamu." Nikamuuliza nani alikokotoa nguzo. Mhandisi wa ofisi. Nani alitia sahihi? Huyo huyo. Nani alikuwa kontrakta? Fulani. "Basi wewe ulijenga nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusimulia, na hapo ndipo kazi yake ya kweli ilipotoka. Shule ile iko kisiwani. Kokoto na mchanga hufika kwa jahazi, halafu punda ndio wanaotoa mzigo gatini mpaka saiti. Fundi mkuu alitaka kuchanganya zege kwa maji ya kisima kilichokuwa hapo uani, karibu na bahari. Yeye aliyaonja, yakawa na chumvi. Akakataa. Chumvi ndani ya zege hula nondo kutoka ndani; ukuta hauonyeshi kitu mwaka wa kwanza, halafu baadaye unapasuka kufuata mstari wa chuma na kutoa kutu. Ikabidi maji yaletwe. Kila siku ya kumwaga zege alijaza viboksi vya majaribio vya milimita 150 na kuvipeleka maabara vikavunjwe siku ya 7 na ya 28.

"Hayo," nikamwambia, "ndiyo ya kuandika." Yakawa hivi:

*Madarasa manne ya orofa mbili, kisiwa cha Lamu, Februari hadi Desemba 2021, shilingi milioni 18. Msimamizi wa kila siku wa saiti chini ya mhandisi wa mradi. Nilikagua nondo kabla ya kila umwagaji, nikazuia matumizi ya maji ya kisima yenye chumvi, na kusimamia vipimo vya zege vya siku 7 na 28.*

Hakuna neno "nilijenga", na bado barua ina uzito zaidi kuliko mwanzo.

Tangi la maji lilikuwa rahisi kwa sababu alikuwa na namba. Ni tangi la zege la chini, nje kidogo ya Malindi, ndani mita 8 kwa 7.5, maji kina cha mita 2.5. Zidisha: mita za ujazo 150. Hesabu alifanya yeye, zikakaguliwa na kutiwa sahihi na mhandisi mtaalamu. Nikamuuliza mlipolijaza maji yalishuka kiasi gani. Akajibu bila kufikiri: milimita 3 kwa siku saba, baada ya kutoa yaliyokauka kwa jua. Kipimo tulichozoea huruhusu kushuka kwa sehemu moja ya 500 ya kina cha maji, na mita 2.5 ukiigawanya kwa 500 unapata milimita 5. Tangi lilipita. Katika rasimu mambo haya yote yalikuwa yamefupishwa kuwa "usanifu wa miundombinu ya maji". Mhandisi akisoma ile milimita 3 anajua huyu alikuwepo, maana mtu hakumbuki namba ya jaribio ambalo hakulisimamia.

Barabara ya kabro ilikuwa na kosa la kawaida kuliko yote. Mradi mzima ni kilomita 1.2 kwa upana wa mita 6, yaani mita za mraba 7,200, na aliuandika wote kama wake. Kumbe ulikuwa na wasimamizi watatu, na yeye alishika kipande cha mita 400. Hiyo ni mita za mraba 2,400. Mwenzake aliyeshika kipande kingine naye huenda anaomba kazi hiyo hiyo. Bahasha mbili zikidai kilomita ile ile, kamati huziweka sawa sawa pembeni. Tukaandika ukubwa wa mradi wote, kisha kipande chake, kisha alichofanya: kupima mwinuko, kukagua ushindiliaji wa tabaka la chini, na kurudisha shehena moja ya kabro za milimita 60 zilizoletwa mahali palipotakiwa za milimita 80, maana barabara ile inapitwa na magari.

Kuhusu thamani ya mradi: andika ile ya mkataba kama unaijua, na kama huijui iache. Ukubwa kwa mita unatosha. Usikisie.

Kwa msanifu majengo, hasa wa Lamu

Nisiwasahau wenzetu wa michoro. Mantiki ni ile ile, ila kwenu sehemu ya "nilifanya nini" ni hatua za kazi: vipimo vya jengo lililopo, mchoro wa awali, michoro ya kina, michoro ya kuombea kibali, usimamizi wa ujenzi. Taja hatua ulizoshika, usiseme "usanifu" tu, maana jengo moja linaweza kupita kwenye meza za watu wanne.

Ukiomba kazi Lamu, mradi mmoja kati ya mitatu uwe wa jengo la zamani kama unao. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kazi nyingi humo ni za kutengeneza, si za kujenga upya. Msomaji wako atataka kujua kama unaijua nyumba ya mawe. Kijana mmoja wa Mkomani aliniletea ukurasa wenye picha kumi za rangi za nyumba aliyoikarabati, taa, mito, bwawa la kuogelea la kwenye paa. Maneno hayakuwepo. Nikamwomba aniambie dari ilikuwaje. Akaeleza kwamba boriti za mikoko zilikuwa zimeliwa na mchwa kwenye ncha zinazoingia ukutani, kwamba chumba kina upana wa mita 2.7 tu kwa sababu urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na kwamba mtu wa kabla yake alipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikaisukuma plasta ikadondoka vipande. Yeye aliivua yote akarudisha chokaa.

Yaandike hayo kwa mistari minne, picha zibaki mbili: moja ya dari kabla, moja baada. Bwawa liache.

Na michoro unayoambatanisha ni ya ofisi iliyokuajiri, ina jina lao kwenye kona. Omba ruhusa kwanza. Nyumba za watu binafsi zisitajwe kwa jina la mwenye nyumba; "nyumba ya makazi, mtaa wa Mkomani" inatosha.

Nne, barua yenyewe

Baada ya yote hayo barua inakuwa fupi kwa nguvu zake yenyewe. Hii ndiyo ya mpwa wangu, nimeondoa jina na namba:

*Katibu,*
*Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.*

*KUH: MAOMBI YA KAZI YA MHANDISI MSAIDIZI (UJENZI), NAMBA YA TANGAZO ……*

*Naomba kazi iliyotajwa hapo juu. Nina Shahada ya Uhandisi wa Ujenzi, Desemba 2020. Nimesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama Mhandisi Mhitimu, namba ……, Juni 2021. Nimewasilisha maombi ya usajili wa Mhandisi Mtaalamu Novemba 2024. Bado sijafanyiwa tathmini.*

*Tangu kusajiliwa nimefanya kazi miezi 37 chini ya wahandisi wataalamu, katika majengo ya shule, maji na barabara za mitaa, Lamu na Malindi. Mitatu kati ya miradi hiyo imeelezwa kwenye ukurasa wa pili, pamoja na sehemu niliyoshika mwenyewe katika kila mmoja.*

*Kwa sasa naandaa michoro na makadirio ya mifereji ya maji ya mvua katika ofisi ya ushauri mjini Malindi. Naweza kuanza kazi mwezi mmoja baada ya kupewa barua.*

*Wako mwaminifu,*

Basi. Nilimzuia kuongeza "mimi ni mchapakazi ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Sijawahi kuona barua ya mtu anayedai ni mvivu. Ukurasa wa pili ni ile miradi mitatu. Wa tatu ni wadhamini.

Wadhamini na bahasha

Kati ya wadhamini watatu, mmoja lazima awe mhandisi au msanifu aliyekusimamia, aliyesajiliwa mwenyewe, na ajue umemtaja. Mpigie simu umsomee ile mistari mitatu ya mradi mliofanya pamoja. Mpwa wangu alipompigia yule wa tangi, mzee akamsahihisha: siku saba za jaribio zilianza baada ya tangi kuachwa limejaa kwanza ili zege linywe maji yake, si siku lilipojazwa. Sentensi haikubadilika, lakini yeye alijua la kujibu.

Ukituma kwa barua pepe, unganisha vyote kwenye faili moja ya PDF, kwa mpangilio wa barua, miradi, wadhamini, cheti cha bodi, shahada, kitambulisho, na faili liitwe kwa jina lako na namba ya tangazo, si "CV mpya ya mwisho 3". Cheti cha bodi kikae mbele ya shahada, kwa kuwa ndicho kinachotafutwa kwanza. Ukituma kwa mkono, kumbuka kwamba 5.00 p.m. ya tangazo ni saa kumi na moja jioni. Usicheke, bahasha za namna hiyo tumezipokea kesho yake saa tano asubuhi, mwenyewe ametoka kwenye boti anahema.

Wiki sita baadaye aliitwa. Aliniambia swali la kwanza aliulizwa na mama mmoja aliyekuwa ameshika ukurasa wa pili, kidole kwenye mstari wa tangi: "Hizo milimita tatu, mlipimaje?" Akaeleza walivyofunga rula ya chuma kwenye ukuta wa ndani, na ndoo ya maji iliyowekwa wazi pembeni ili kujua jua limechukua kiasi gani. Yule mama akaandika kitu, akageuza ukurasa.

"Eng." hakuulizwa na mtu.